Safari ya vituo vinne kwenye simu moja: namna ya kuipanga kutoka Moshi hadi Unguja

Julai iliyopita tulitoka Moshi watu watano: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili. Tulilala Lushoto siku mbili, tukashuka Tanga kwa shangazi siku mbili, tukapita Dar es Salaam, tukavuka Unguja, kisha tukarudi nyumbani. Safari yote nililazimika kuipanga kwenye simu, kwa sababu nilipojaribu kuiweka kichwani iligoma. Kulikuwa na tiketi za basi, tiketi za boti, gesti mbili, nyumba ya ndugu, dawa za presha za mama mkwe, na mtoto anayetapika kwenye kona.

Aplikesheni za kupanga safari zimetengenezwa kwa msafiri anayenunua kila kitu mtandaoni na kupokea uthibitisho kwa barua pepe. Sisi tunakata tiketi dirishani au kwa wakala, tunalipa gesti kwa pesa ya simu, na saa tunayotajiwa ni saa ya Kiswahili. Ukizitumia jinsi zilivyo, zitakupotosha. Nitaeleza hatua kwa hatua ninavyozitumia ili zifanye kazi kwa safari za kwetu.

Hatua ya kwanza: kila programu ipewe kazi moja

Nimejaribu nyingi, na nimebaki na tatu. TripIt inatunza ratiba, yaani nini kinafuata, saa ngapi na namba ya tiketi ni ipi. Google Maps inatunza mahali. Google Keep inatunza orodha ya mizigo. Zote tatu zina toleo la bure linalotosha kabisa kwa safari kama hii.

Kuna nyingine nzuri inaitwa Wanderlog, ambayo inaweka ratiba na ramani kwenye skrini moja na kuwaruhusu watu kadhaa kuihariri pamoja. Ukisafiri kwa gari lako na unataka kusimama penye vivutio vingi, anza na hiyo. Sababu iliyonifanya niiache ni kwamba kuiona ratiba bila intaneti ni huduma ya kulipia, na barabara ya kupanda Lushoto si mahali pa kutegemea mtandao.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuandika jambo lilelile sehemu tatu. Tiketi iko kwenye kalenda, iko kwenye TripIt, iko kwenye ujumbe wa WhatsApp. Basi likibadilishwa saa unarekebisha moja, mbili zinabaki na saa ya zamani, na asubuhi ya safari utaamini ile uliyoifungua kwanza. Saa ya kuondoka iandikwe mahali pamoja tu.

Kabla hujaandika chochote, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, uwashe mtindo wa saa 24. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya pili: andika stendi, usiandike mji

Ukiiambia aplikesheni kwamba unakwenda "Dar es Salaam", itachoma pini katikati ya jiji, kisha itapima muda kutoka hapo. Lakini basi la mkoani halikushushi katikati ya jiji. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yana kituo chao kikuu Mbezi Luis, stendi ya Magufuli, na kutoka hapo hadi bandarini kwenye boti za Zanzibar kuna kama kilomita 20 na ushee za foleni. Hali ni hiyohiyo Tanga: stendi iko Kange, nje ya mji, na kwa shangazi yangu ni Ngamiani. Ukiweka pini ya mji peke yake, vipande hivi vya njia vinapotea kwenye ratiba, na hivyo ndivyo vinavyokula muda na pesa bila kutarajiwa.

Kwa hiyo kwenye Google Maps ninafungua orodha mpya kwa ajili ya safari na kuijaza sehemu halisi ambazo mguu wangu utakanyaga. Safari yetu ilikuwa na hizi: stendi kuu ya Moshi, Mombo, pale abiria wa Lushoto wanaposhuka, stendi ya Lushoto, gesti ya Lushoto, stendi ya Kange, nyumba ya shangazi, stendi ya Magufuli, gesti ya Dar, geti la boti, bandari ya Malindi, Unguja, na nyumba tuliyopanga Jambiani. Sehemu kumi na moja, wakati kwenye maneno ya mdomo tulikuwa tunasema tunakwenda "sehemu nne".

Gesti nyingi hazina anwani ya mtaa, na nyingine hazipo kabisa kwenye ramani. Mwombe mwenye nyumba akutumie mahali alipo kwa WhatsApp, bonyeza ili ifunguke kwenye Google Maps, kisha ihifadhi kwenye orodha yako. Kwenye nafasi ya maelezo chini ya pini, andika jina la mtu utakayempigia na namba yake ya simu. Usiishie kwenye pini pekee. Mwenyeji wetu wa Lushoto alinitumia mahali akiwa sokoni, siyo pale gesti ilipo. Niligundua nilipompigia kumwuliza.

"Mama, hapo uliponitumia ni gesti kweli? Ramani inaonyesha katikati ya soko."

"Aa, samahani mwanangu, nilikuwa nanunua viazi. Nikifika nyumbani nitakutumia tena."

Tangu siku hiyo kila pini ninayotumiwa naihakiki kwa swali moja: kuna alama gani kubwa karibu na hapo? Akisema shule au msikiti, naitafuta kwenye ramani nione kama iko jirani na pini.

Hatua ya tatu: saa ya Kiswahili na saa ya programu

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tiketi zetu nyingi zinaandikwa kwa mkono au kwa mashine ndogo, na saa inayoandikwa ni ile inayosemwa. "Kuripoti 11:30, kuondoka 12:00." Sisi tunaelewa ni saa kumi na mbili asubuhi. Programu haielewi. Ukinakili 12:00 kama ilivyo, TripIt itaamini unaondoka adhuhuri, itapanga kila kitu cha siku hiyo baada ya hapo, na ukumbusho wowote uliouweka utalia wakati basi limeshapita Same.

Yalinikuta miaka kadhaa nyuma nikitoka Arusha kwenda Dodoma. Nilinakili tiketi usiku nikiwa na usingizi, nikaweka ukumbusho wa saa mbili kabla. Saa kumi na mbili na robo asubuhi kondakta akanipigia: "Dada, uko wapi? Gari inatoka." Nilikuwa kitandani. Tiketi ile ilikwenda hivyohivyo, na gesti niliyokuwa nimeilipia Dodoma ikalala tupu.

Ubadilishaji wenyewe una vipande vitatu, na ukivishika hutakosea tena.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 1 asubuhi inakuwa 07:00, saa 6 mchana 12:00, saa 9 alasiri 15:00, saa 12 jioni 18:00.

Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 1 usiku inakuwa 19:00, saa 3 usiku 21:00, saa 5 usiku 23:00.

Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6. Saa 6 usiku inakuwa 00:00, saa 8 usiku 02:00, saa 11 alfajiri 05:00, saa 12 asubuhi 06:00.

Kipande hiki cha mwisho kina mtego wa pili, nao ni tarehe. Kwa programu, siku mpya inaanza saa 6 usiku. Kwenye mazungumzo yetu, usiku wa Jumapili unaendelea kuitwa Jumapili mpaka kunapambazuka, na wapo wazee ambao kwao Jumatatu imeshaanza jua la Jumapili likizama. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili limekuwa zito zaidi. Jirani yangu alikata tiketi ya kurudi kutoka Dar, wakala akamwambia "Jumapili, saa sita na nusu usiku." Kwenye simu akaandika Jumapili, 00:30. Kwa simu, hiyo ni dakika thelathini baada ya Jumamosi kwisha, yaani usiku mmoja mzima kabla ya basi lake. Bahati yake ni kwamba aliwahi siku moja badala ya kuchelewa. Angekuwa wakala ndiye aliyemaanisha usiku wa kuamkia Jumapili na yeye akaandika Jumatatu, angelikuta basi limekwenda.

Swali la kumwuliza wakala ni hili: "Ni usiku wa kuamkia lini?" Halina utata. Akijibu "kuamkia Jumatatu", na saa imepita saa 6 usiku, kwenye programu andika Jumatatu. Kama ni saa 5 usiku au kabla ya hapo, andika Jumapili.

Mimi huandika saa zote mbili kwenye kila kipengele. Kwenye nafasi ya saa ninaweka 05:30, na kwenye jina la kipengele ninaandika "Basi Moshi–Mombo, kuripoti saa 11 na nusu alfajiri". Zisipolingana, jicho linaona mara moja. Pia mume wangu na mama mkwe wakiisoma hawahitaji kupiga hesabu.

Saa za maeneo mengine hazitusumbui tukiwa ndani ya nchi, maana Bara na Visiwani hutumia saa ileile, na Kenya vilevile. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi, Malawi au Zambia, kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Andika saa ya mahali unapoondokea.

Hatua ya nne: kuingiza tiketi zisizokuja kwa barua pepe

TripIt inasifika kwa jambo moja: ukipokea uthibitisho wa ndege au hoteli, unaupeleka kwenye anwani hii, ikiwa umetumia barua pepe uliyojisajili nayo.

```
plans@tripit.com
```

Inausoma na kujaza ratiba yenyewe. Kwa ndege na hoteli kubwa inafanya kazi vizuri. Kwa basi la mkoani hakuna barua pepe ya kupeleka, na hata tiketi ya boti ikija kwa barua pepe inaweza isitambulike. Usingoje ijijaze. Ingiza kwa mkono, na uingize siku ileile unayolipa, ukiwa bado umesimama dirishani ikiwezekana, kwa sababu hapo ndipo unaweza kumwuliza wakala kitu kilichokosekana.

Vitu ninavyoandika kwa kila tiketi ya basi ni hivi: stendi ya kupandia, saa ya kuripoti, saa ya kuondoka, namba ya tiketi, namba za viti, kiasi nilicholipa, na namba ya simu ya ofisi. Kama wakala anaijua, naomba na namba ya gari. Nafasi ya saa ninaijaza saa ya kuripoti, siyo ya kuondoka, kwa sababu ndiyo inayonihusu mimi. Ya kuondoka inakaa kwenye maelezo.

Gesti iliyolipiwa kwa simu ina uthibitisho wake, ule ujumbe wa muamala. Nakili namba ya muamala, kiasi na jina lililotokea, uviweke kwenye maelezo ya gesti. Kisha piga picha ya skrini. Picha zote za tiketi na miamala ninaziweka kwenye albamu moja ndani ya simu, ili mtu wa getini akiomba tiketi nisianze kupekua picha za harusi.

Boti za kwenda Zanzibar zinadai kitambulisho, na jina la kwenye tiketi linapaswa kufanana na la kwenye kitambulisho. Nilikata tiketi ya mama mkwe kwa jina tunalomwita nyumbani, nikalazimika kurudi kurekebisha. Sasa kabla ya kwenda dirishani ninaandika majina ya wote kama yalivyo kwenye vitambulisho, kwenye noti moja ya juu kabisa ndani ya safari.

Hatua ya tano: pima maungio

Ukimaliza kuingiza, ratiba itaonekana imekamilika. Programu haitakwambia kwamba kati ya kipengele na kipengele kuna pengo lisilowezekana. Hapa ndipo unapofanya kazi ambayo programu haiwezi: unasoma kila ungio, yaani pale unaposhuka chombo kimoja na kupanda kingine.

Nitachukua ungio letu gumu zaidi, Tanga hadi boti. Mwanzoni niliandika hivi: kuondoka Kange 07:00, kufika Dar 13:00, boti ya alasiri. Kwenye skrini palikuwa na nafasi ya zaidi ya saa mbili, na mume wangu akasema inatosha. Nikaivunja vipande.

Muda wa Google Maps kutoka Tanga ni wa gari dogo lisilosimama. Basi linasimama kwa chakula, linapima mizani, linashusha abiria Segera na Chalinze, na linafuata mwendo wa 50 kwenye kila kijiji. Kanuni yangu ni kuchukua muda wa ramani na kuongeza theluthi. Saa tano za ramani ninazihesabu sita na dakika arobaini. Kwa hiyo kufika Mbezi Luis siyo 13:00 bali karibu 13:40, na hapo ni siku njema. Kutoa mizigo ya watu watano chini ya basi, kumpeleka mtoto chooni na kupata usafiri, nusu saa. Mbezi hadi bandarini kwa gari la kukodi mchana, saa moja na nusu ndiyo niliyoiandika, na nimewahi kutumia zaidi ya hapo. Imeshafika 15:40. Abiria wa boti anatakiwa awe amefika mapema kwa ukaguzi, siyo dakika boti inapong'oa nanga. Pengo lile la zaidi ya saa mbili lilikuwa limekwisha zamani.

Tukalala Dar usiku mmoja, gesti ya karibu na Kariakoo, tukapanda boti ya asubuhi. Gharama ya chumba ilikuwa ndogo kuliko tiketi tano za boti zilizopotea.

Maungio mengine hayakuhitaji hesabu ndefu. Kutoka Moshi hadi Mombo tulipanda basi la saa 12 asubuhi, na hata lingechelewa saa mbili, magari madogo ya kupanda Lushoto yangekuwepo, kwa sababu yanajaza na kuondoka mchana kutwa. Hilo ni ungio laini. La boti ni gumu, kwa sababu chombo kina saa yake na hakikungoji. Ninaweka alama ya mshangao mbele ya jina la kila ungio gumu, na safari yetu ilikuwa na matatu tu: basi la Moshi, boti ya kwenda na boti ya kurudi. Nguvu zangu zote za kuwahi nilizielekeza huko. Siku ya kutoka Lushoto kwenda Tanga sikumsumbua mtu kwa saa.

Kwa kurudi tulifanya kinyume. Boti ya asubuhi kutoka Unguja inakufikisha Dar baada ya takribani saa mbili, na mabasi mengi ya Moshi yanakuwa yameondoka alfajiri. Unachagua kulala, au kukata la usiku. Tulikata la usiku, la saa 3, ambalo kwenye programu ni 21:00 tarehe ileile, na kufika Moshi nikaliandika tarehe inayofuata.

Hatua ya sita: orodha ya mizigo ifuate vituo

Ipo programu iitwayo PackPoint inayokuuliza unakwenda mji gani, lini na kufanya nini, kisha inakutengenezea orodha kulingana na hali ya hewa. Ni msaada mzuri kwa mji mmoja. Ukiiandikia Zanzibar, haitakukumbusha sweta, na Lushoto ya Julai usiku, juu kule mita zaidi ya 1,300, mtoto asiye na sweta halali.

Ninachofanya kwenye Google Keep ni kufungua orodha yenye visanduku vya kutiki na kuigawa kwa vituo, siyo kwa aina ya vitu. Sehemu ya kwanza inaitwa "Mkononi ndani ya basi": vitambulisho, dawa za presha, mifuko ya karatasi ya kutapikia, maji, kanga, chaja na pawabenki, noti ndogondogo za choo na bodaboda. Sehemu ya pili ni "Lushoto": masweta, soksi, viatu vya kutembea, shuka zito la mama mkwe. Ya tatu ni "Tanga": zawadi za shangazi, yaani kahawa ya Kibosho na ndizi mshare, ambavyo vinaondoka kwenye mzigo hapo. Ya nne ni "Unguja": nguo nyepesi, mitandio, nguo za kuogelea, mafuta ya ngozi.

Faida yake inaonekana kwenye kufunga begi. Vitu vya kituo cha mwisho vinaingia chini, vya kituo cha kwanza vinakaa juu. Tulipofika Lushoto na baridi ilivyokuwa, sikufumua begi zima kutafuta soksi. Na tulipoondoka Lushoto, masweta yalishuka chini kabisa na hayakuonekana tena hadi Moshi.

Nguo chafu na viatu vyenye matope vipangie mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar nako hairuhusiwi, kwa hiyo ile tabia ya kufungia kila kitu kwenye rambo iache nyumbani.

Ongeza watu wa nyumbani kwenye orodha kwa kitufe cha "Collaborator". Binti yangu wa miaka kumi na mbili alipewa sehemu ya Unguja, akatiki mwenyewe, nami nikawa naona jikoni alipofikia. Safari ikiisha usiifute. Kwenye menyu kuna "Uncheck all items", inarudisha visanduku vyote wazi, na safari ijayo unaanza na orodha iliyokwishajaribiwa. Kabla ya kuirudisha wazi, ongeza kile ulichokikosa. Sisi tuliongeza tochi.

Hatua ya saba: zima mtandao na ujaribu

Siku mbili kabla ya kuondoka, ukiwa mahali penye intaneti ya kutosha, fungua Google Maps, gusa picha yako juu kulia, chagua "Offline maps", kisha "Select your own map". Vuta mstatili ufunike eneo la njia yako na uupakue. Mimi nilipakua vipande vitatu: Moshi hadi Korogwe pamoja na Lushoto, Korogwe hadi Tanga, na Dar pamoja na Unguja. Kipande kimoja kikubwa kinajaza simu, na kikikatika katikati unaanza upya.

Jua kikomo chake. Bila mtandao, Google Maps inatoa njia ya gari tu. Haitakupa njia ya miguu. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe niliweka Organic Maps, ambayo ni ya bure, inatumia ramani za OpenStreetMap, na inaonyesha njia za miguu bila intaneti. Pakua ramani ya Tanzania kabla hujatoka nyumbani.

Halafu fanya jaribio hili. Weka simu kwenye hali ya ndege. Fungua TripIt, soma siku ya tatu. Fungua orodha ya pini, gusa gesti, uone kama namba ya simu inaonekana. Fungua Keep. Fungua albamu ya tiketi, ukuze picha moja uone kama namba inasomeka. Kitu chochote kisichofunguka hapo hakitafunguka njiani. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niligundua picha za tiketi zilikuwa zimehamia kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwenye simu palibaki vivuli vyake tu, visivyokuzika.

Mwisho, mtumie mtu mmoja aliyebaki nyumbani ratiba yote kama ujumbe wa kawaida wa maandishi, kwa saa za Kiswahili, kila kituo mstari wake, na namba ya simu ya kila mwenyeji. Mimi nilimtumia kaka yangu. Simu yangu ilipozimika njia ya Korogwe, mama mkwe alimpigia kwa kitochi chake, akamwuliza, "Baba, hebu tusomee, tukishuka Kange tunampigia nani?" Akatusomea namba, na shangazi akatukuta stendi.